Breka Haioni Kiungo Kibovu

Waya wa shaba uliopitishwa ndani ya bomba la plastiki ukutani ni kitu kigumu kuharibika. Hauguswi na mtu, haupigwi na jua, na kama unene wake unalingana na breka yake, unaweza kuzeeka humo bila mtu kuukumbuka. Hitilafu hukaa kwenye ncha: pale waya unapoingia kwenye soketi, unaposhikwa na skrubu ya swichi, au unapokutana na waya mwenzake juu ya dari. Hapo ndipo mkono wa fundi ulipokata gamba, ukasokota, ukabana au ukazungushia tepu. Na hapo ndipo uamuzi mdogo, ambao mara nyingi huamuliwa na kilichomo kwenye mfuko wa fundi siku hiyo, unapoamua kama nyumba italala salama. Hoja ya makala haya ni kwamba njia ya kuunganisha waya ichaguliwe kwa maswali mawili: ni mkondo kiasi gani utapita hapo, na je, kuna mtu ataweza kukifikia kiungo hicho baadaye? Tukiuliza hivyo, tepu inajitoa yenyewe kwenye orodha, na njia zilizobaki zinagawana kazi bila ugomvi.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba tatizo ni kiungo unatoka Marekani. Kati ya mwaka 1965 na 1973 hivi, shaba ilipopanda bei, nyumba nyingi za huko zilifungwa nyaya za alumini kwenye soketi na taa. Katikati ya urefu wake alumini ilipitisha umeme bila shida. Shida ilizuka chini ya skrubu. Alumini hutanuka kwa joto kuliko shaba, hulegea polepole inapokandamizwa muda mrefu, na huvaa utando wa oksidi usiopitisha umeme vizuri. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya nchi hiyo ilikuja kueleza kwamba nyumba yenye nyaya za alumini zilizotengenezwa kabla ya 1972 ina uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na kiungo kimoja au zaidi kilichofikia hali ya kuweza kuwasha moto, ikilinganishwa na nyumba ya nyaya za shaba. Dawa zilizopendekezwa zinafundisha vilevile. Mwenye nyumba aliambiwa afumue alumini yote na kuweka shaba au, kama hawezi, aiache ukutani na kurekebisha kila ncha, kwa kubana kipande cha shaba kwa mashine maalumu au kwa kutumia konekta ya skrubu iliyotengenezwa kwa ajili ya metali hizo mbili. Kwa maneno mengine, ukitengeneza ncha, waya uleule uliokuwa ukiogopwa unaweza kubaki.

Kiungo chochote kina kazi tatu. Lazima kipitishe mkondo bila kuuzuia, lazima kizishike nyaya zisichomoke wala kucheza, na lazima kifunike shaba isiguswe wala isigusane na nyingine. Tepu nyeusi ya umeme inafanya kazi ya tatu tu. Haikandamizi shaba kwa nguvu yoyote ya maana na haipitishi mkondo. Ukisokota nyaya mbili kwa koleo na kuzungushia tepu, kinachobeba mzigo ni ule msokoto, na msokoto wa shaba hauna chemchemi ndani yake. Siku ya kwanza unabana kweli. Ukipata joto unatanuka, ukipoa unanywea, na kila mzunguko wa namna hiyo unafungua nafasi ndogo kati ya shaba na shaba. Hewa na unyevu vikiingia kwenye nafasi hiyo, shaba inapoteza mng'ao wake na kuvaa weusi, na weusi huo ni oksidi, mpitishaji mbaya wa umeme. Kwa nyumba za pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara, hewa yenye chumvi inaharakisha mambo, na ukifungua kiungo cha zamani hukosi kuona ukijani kwenye shaba.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho: hita ya kuogea inayofungwa juu ya kichwa, ile inayopasha maji yakiwa yanapita. Imeenea Nairobi, Arusha, Mbeya na popote penye asubuhi ya baridi, na nyingi hubeba takriban wati 5500. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni karibu ampia 24. Hita hii huja na nyaya zake tatu fupi zinazotoka mgongoni, na fundi analazimika kuziunga na nyaya za nyumba papo hapo ukutani, karibu na bomba la maji. Kiungo kizuri kina ukinzani mdogo mno, tuseme sehemu moja ya elfu ya omu. Joto linalozaliwa ndani ya kiungo hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Ampia 24 mara 24 mara 0.001 ni kama nusu wati, kiasi ambacho mkono hauwezi kukihisi. Sasa msokoto ukilegea na kuota oksidi mpaka ukinzani ufike sehemu moja ya kumi ya omu, joto linapanda hadi wati 58 hivi. Hicho ni kipimo cha pasi ya kulehemu ya fundi redio, na imefungiwa ndani ya tonge la tepu lenye ukubwa wa kidole gumba, nyuma ya kipande cha plastiki.

Kiungo hichohicho kibovu, kikiwekwa kwenye taa ya LED ya wati 9, kinapitishwa ampia 0.04 tu. Ukifanya hesabu ileile unapata chini ya sehemu moja ya elfu ya wati. Taa itawaka miaka na miaka, na msokoto wake hautapata hata uvuguvugu. Hapa ndipo linapopatikana jibu la pingamizi linalosikika kuliko yote: kwamba mafundi wetu wamesokota na kupiga tepu tangu zamani, na nyumba zimesimama. Ni kweli zimesimama. Lakini nyumba hizo za zamani zilikuwa na taa, redio na labda feni, na pasi ya mara moja kwa wiki. Mzigo ndio uliobadilika. Joto la kiungo linakua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo kutoka feni ya nusu ampia hadi hita ya ampia 24 mkondo umeongezeka karibu mara 50, lakini joto kwenye kiungo kilekile limeongezeka zaidi ya mara 2000. Uzoefu wa taa hauwezi kushuhudia juu ya hita, jiko la umeme au birika. Anayesema hajawahi kuona tatizo huenda anasema kweli tupu kuhusu kazi ambayo si hii.

Pingamizi la pili ni la heshima zaidi: basi si kuna breka? Likizidi, litakata. Breka hupima mkondo unaopita ndani yake, na kiungo kibovu hakiongezi mkondo, kinaupunguza. Hita ya wati 5500 ina ukinzani wa omu 9.6 hivi. Kiungo kikijiongezea 0.1, jumla inakuwa 9.7, na mkondo unashuka kutoka ampia 23.9 hadi 23.7. Breka ya ampia 32 inaona mzigo uliopungua kidogo na haina sababu ya kukata. Breka ya kuzuia shoki nayo inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na kwa kiungo hiki vyote viwili viko sawa. Volti zilizopotea ni mbili na ushei, kwa hiyo hata anayeoga hatambui maji kupoa. Kinga zote mbili zimekaa kwenye bodi, zimefungwa vizuri, zimelipiwa, na hazina macho kwa jambo hili. Zitakata baadaye, tepu na magamba yakishayeyuka na shaba ya laivu kugusa nyutro au erthi. Wakati huo kiungo kimekwisha kuwa jiko kwa muda mrefu.

Katika hita yetu, safari hiyo inakwenda hivi. Tepu ya kawaida ya plastiki hustahimili joto la nyuzi 80 hivi, na gamba la waya wa kawaida wa nyumbani limetengenezwa kwa nyuzi 70. Gundi ya tepu ndiyo inayotangulia kushindwa: inalainika, inakuwa uteute mweusi, ncha ya tepu inafunguka na mvuke wa bafuni unaingia. Gamba la waya karibu na kiungo linakauka, linakuwa la kahawia na kuvunjika ukilikunja. Ikiwa waya unaoungua ni wa nyutro, hita itazima lakini ndani yake bado mna laivu, na mtu atasema imekufa na kuanza kuipapasa. Waya wa erthi ndio wenye hila kuliko yote, kwa sababu kwa kawaida haupitishi mkondo wowote. Kiungo chake kikiachia, hakuna joto, hakuna harufu, hita inaendelea kufanya kazi, na hakuna anayejua mpaka siku kinga hiyo itakapohitajika. Katika kifaa ambacho waya wake wa kuchemsha uko ndani ya maji anayoogea mtu, erthi iliyosokotwa na kufunikwa tepu ni kosa baya kuliko laivu iliyosokotwa.

Sasa tuone kinachostahili kuwekwa hapo. Njia iliyozoeleka madukani ni konekta ya skrubu, ile mistari ya vyumba 12 vya plastiki nyeupe ambavyo fundi hukata kwa kisu kadiri anavyohitaji. Ndani ya kila chumba mna mrija wa brasi na skrubu mbili. Huuzwa kwa ukubwa wa ampia 5, 15, 30 na 60, na hapa watu wengi hukosea kwa kununua kwa macho. Konekta ya ampia 5 ni ya taa. Kwa hita ya ampia 24 inayotumia waya wa milimita 4 au 6 za mraba, inatakiwa ya 30 au 60, kutegemea waya upi unaingia bila kukatwa nyuzi. Fundi anayepunguza nyuzi za waya ili uingie kwenye tundu dogo amegeuza waya wa 4 kuwa wa 2.5 mahali palepale panapohitaji unene. Karibu na hita pia inafaa konekta ya kauri kuliko ya plastiki, kwa kuwa kauri haiyeyuki, na mrija wa ndani ukipata joto hauanzi kuelea kwenye plastiki iliyolainika.

Kufunga kwenyewe kunachukua dakika chache. Breka inazimwa na waya kupimwa kwa mita, si kwa bisibisi ya taa peke yake. Gamba linavuliwa kiasi cha milimita 8 hadi 10, bila kisu kukwaruza shaba, kwa sababu waya wa uzi mmoja uliokwaruzwa hukatikia hapo. Shaba yote iingie ndani ya mrija na gamba lifike mlangoni, lakini gamba lisibanwe na skrubu. Nyaya ziingie kutoka pande mbili na kila moja ikae chini ya skrubu yake. Kama waya ni wa nyuzi nyingi, kama zile za hita, ncha ya skrubu huzitawanya na kukata baadhi. Dawa ni kuzivalisha kwanza mrija mdogo mwembamba unaobanwa kwa koleo lake, ambao mafundi wengine huuita feruli. Wapo wanaopaka risasi ya kulehemu kwenye nyuzi kabla ya kuzifunga. Inaonekana nadhifu, lakini risasi ni laini, hutiririka polepole ikikandamizwa, na skrubu iliyokuwa imekaza leo inabaki imelegea baada ya miezi. Mwisho, kila waya uvutwe kwa mkono, mmoja mmoja. Ukitoka, haukuwa umefungwa.

Atakayetetea msokoto atasema skrubu nayo hulegea, na hapo ana hoja. Konekta nyingi zilizoungua ziliungua kwa sababu skrubu haikukazwa au waya wa nyuzi ulijipanga upya siku chache baada ya kufungwa, ukaacha nafasi. Tofauti ni kwamba skrubu iliyolegea inaweza kukazwa tena na mtu yeyote mwenye bisibisi na ruhusa, ilhali msokoto uliolegea ndani ya tepu hauwezi kuonekana wala kukazwa. Kwa mzigo mkubwa ni busara fundi arudi baada ya wiki mbili tatu, azime umeme na kukaza tena. Kuna pia suala la bidhaa hafifu. Baadhi ya konekta za bei ya chini zina mrija wa chuma uliopakwa rangi ya brasi, na kuna jaribio jepesi: toa skrubu, ambazo mara nyingi ni za chuma hata katika konekta nzuri, kisha usogeze sumaku kwenye mrija wenyewe. Brasi haivutwi. Ukivutwa, hiyo ni ya taa ya sebuleni kama ni ya kitu chochote.

Kofia ya kusokota ni mgeni kwetu, ingawa huja ndani ya maboksi ya feni na taa za kutoka nje. Ni kofia ya plastiki yenye chemchemi ya chuma ndani. Nyaya hupangwa sambamba, kofia inazungushwa juu yake, na chemchemi inazikandamiza na kuendelea kuzikandamiza zikipanuka na kunywea. Huko Marekani na Kanada ndiyo njia ya kila siku, na si ya hovyo hata kidogo. Inatimiza kile ambacho msokoto mtupu unakosa, yaani nguvu ya chemchemi isiyochoka. Lakini kila ukubwa wa kofia umepimwa kwa idadi na unene fulani wa nyaya, na vipimo hivyo vimeandikwa kwenye pakiti. Kofia iliyochomolewa kwenye boksi la feni bila pakiti ifanye kazi ya feni hiyo tu. Ikitokea waya laini wa nyuzi unaungwa na waya mgumu wa uzi mmoja, ule laini utangulie mbele kidogo, la sivyo kofia itashika mgumu na kuuacha mwenzake ukiteleza nje.

Ndugu yake wa kisasa ni konekta ya wenzo, ambayo mafundi huiita kwa jina la kampuni ya Kijerumani iliyoieneza, Wago. Unainua wenzo, unaingiza waya, unaushusha. Chemchemi inafanya kazi ya skrubu, na haidai nguvu ya mkono wa mtu. Kwa nyaya laini na ngumu zikichanganyika, kwa maoni yangu haina mpinzani katika kazi za taa na soketi. Mipaka yake isomwe ubavuni: ile ndogo ya kawaida inapokea waya hadi wa 4 na mkondo hadi ampia 32, kwa hiyo waya wa 6 hauingii, na wanaonyoa nyuzi ili uingie wanarudia kosa la konekta ndogo. Zipo kubwa zaidi kwa waya wa 6. Nakala bandia zake zimejaa sokoni, na chemchemi dhaifu haiwezi kugunduliwa kwa macho, ila kwa kuvuta waya.

Lagi ni ya kazi nyingine kabisa. Ni kichwa cha shaba chenye mrija upande mmoja na tundu la bolti upande wa pili. Waya unaingia kwenye mrija, mrija unabanwa kwa koleo mpaka shaba na shaba zinakuwa kama kitu kimoja, hewa haipiti tena kati yake. Ikibanwa sawasawa, ndiyo njia tulivu kuliko zote, kwa kuwa hakuna skrubu inayobeba waya moja kwa moja. Mahali pake ni kwenye waya mnene na palipo na bolti: erthi inayotoka kwenye nondo ya nje, baa ya erthi, na mfumo wa jua. Betri ya volti 12 inayolisha inveta ya wati 1000 inatoa zaidi ya ampia 83 mzigo ukijaa, mara tatu na nusu ya hita yetu, na umeme wake ni wa mkondo mnyoofu ambao cheche yake haizimiki kirahisi kama ya umeme wa gridi. Hapo msokoto na tepu ni wazimu, na hata konekta ya 60 haitoshi.

Ubaya wa lagi ni kwamba inahukumiwa na kifaa kilichoibana. Zile ndogo zenye rangi zinajieleza: nyekundu kwa waya wa 0.5 hadi 1.5, buluu kwa 1.5 hadi 2.5, njano kwa 4 hadi 6. Zinahitaji koleo lenye meno yanayojifunga, lisiloachia mpaka limefika mwisho wa kubana. Lagi iliyopondwa kwa nyundo au kubinywa kwa koleo la kawaida inaonekana imeshika, na ndani ina nafasi. Kwa hiyo ina tabia ya msokoto, tena imevaa sura ya kazi bora. Nyingi ya hizo za rangi zimekusudiwa waya wa nyuzi nyingi. Kwenye waya wa uzi mmoja, konekta ya skrubu ni chaguo la uhakika zaidi. Na pale ambapo waya wa alumini kutoka nguzoni unakutana na shaba, lagi au konekta lazima iwe ile iliyoandikwa kwa metali zote mbili, kwa sababu zikigusana penye unyevu alumini huliwa. Hiyo ni kazi ya shirika la umeme na fundi mwenye leseni, ya EWURA Tanzania Bara au EPRA Kenya.

Pingamizi la gharama halihitaji muda mrefu. Konekta ya kauri kwa nyaya tatu ni sehemu ndogo ya bei ya hita inayoilinda, na tepu nayo hununuliwa. Tepu yenyewe si adui. Ina kazi halali: kuweka alama ya rangi kwenye waya, kufunga nyaya pamoja zisichanganyike, au kuzungushwa juu ya konekta iliyokwisha kufungwa ili vumbi lisiingie. Ikizungushwa, ivutwe kidogo na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Kinachokatazwa ni kuiachia iwe ndiyo kiungo.

Kwa nyumba ambayo tayari ina misokoto, dalili hufika kabla ya moto, na nyingi zinaweza kutambulika bila kufungua kitu. Taa zinazopepesa kila hita inapowashwa, mlio wa kukwaruza ndani ya ukuta, bamba la soketi lililogeuka manjano upande mmoja, au harufu kama ya samaki mahali pasipo na jikoni. Plastiki ngumu za umeme zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu hiyo, na watu wengi hupoteza siku wakitafuta panya aliyekufa. Baada ya hita au jiko kutumika dakika 10, mgongo wa mkono mkavu uguse kifuniko cha boksi kwa nje. Uvuguvugu mdogo unakubalika. Joto linalokufanya uondoe mkono halikubaliki, na breka ya sehemu hiyo izimwe mpaka fundi afike. Akifungua, asiishie kubadilisha tepu. Shaba iliyokwisha kuwa nyeusi ikatwe hadi ing'ae, na gamba lililokauka likatwe pamoja nayo. Waya ukibaki mfupi, uvutwe mpya kutoka kwenye bodi, usirefushwe kwa kiungo cha pili sentimita chache kutoka cha kwanza.

Limebaki swali la pili kati ya yale mawili, la kukifikia kiungo. Kanuni za Uingereza, ambazo ufungaji wa umeme wa Afrika Mashariki ulizirithi pamoja na soketi zake za pini tatu bapa, zinataka kiungo cha skrubu kiweze kufikiwa kwa ukaguzi, na zinasamehe baadhi ya aina, vikiwemo viungo vilivyobanwa kwa kifaa maalumu, vilivyolehemiwa au vilivyofukiwa kwenye gundi ngumu. Mtindo wa dari za jipsamu umeifanya kanuni hii ivunjwe kila siku: konekta zinaning'inia hewani bila boksi, fundi wa jipsamu anafunika, fundi rangi anamaliza, na hakuna anayekumbuka ziko wapi. Kila kiungo cha skrubu kinapaswa kukaa ndani ya boksi lenye kifuniko, boksi lifungwe kwenye mbao, na chini yake dari liachwe na mlango mdogo au tundu la taa linaloweza kushushwa. Kwa hita, boksi liwe nje ya eneo linalorushiwa maji, juu ya dari la bafuni au upande wa pili wa ukuta. Na fundi aandike kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango wa bodi ya breka: boksi la hita, juu ya korido, mita moja kutoka mlango wa bafu.